Chandarua humuua mbu kabla hajazeeka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa hasira. Alianza kulala ndani ya chandarua chenye dawa siku ya Jumapili, na Jumamosi iliyofuata akashikwa na homa. Alipopimwa akakutwa na malaria. "Nyinyi watu wa vyandarua mnatudanganya," akamalizia.

Maneno hayo si mageni kwangu. Kuna mtu alisimama mkutanoni akaniambia karibu hivyohivyo, ukumbi mzima ukacheka, na hadi leo kicheko kile kinanichoma. Basi leo nitajibu kwa kirefu, tena nina haki ya kujibu, maana kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupasua mbu na kuwachunguza kwa hadubini.

Tuhesabu siku zake kwanza. Mbu mwenye vimelea anapokung'ata hutema mate kwenye ngozi, na vimelea huingia pamoja na mate hayo. Haviishambulii damu papo hapo. Hukimbilia kwenye ini, na kwa falsiparamu, ile malaria kali, hukaa humo karibu wiki nzima vikizaliana bila wewe kuhisi lolote. Kipimo cha damu nacho hakivioni. Homa huanza baada ya vimelea kutoka kwenye ini, kuingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua, mara nyingi siku 10 hadi 14 tangu ulipong'atwa. Kutoka Jumapili hadi Jumamosi ni siku 6 tu. Ndugu yangu, mbu aliyekupa malaria hiyo alikung'ata kabla hujakitundika chandarua.

Sasa nije kwa mbu mwenyewe, ambaye namfahamu vizuri kuliko wale walionicheka. Mbu wa malaria ni anofelesi jike, na hazaliwi na ugonjwa. Anaupata kwa mtu. Ndani ya damu ya mgonjwa baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, na mbu akivinyonya hukutana tumboni mwake. Kinachozaliwa hupenya ukuta wa tumbo, hujenga kifuko upande wa nje, na ndani ya kifuko hicho hukua vimelea wapya kwa maelfu. Kifuko kikipasuka, husafiri hadi kwenye tezi za mate. Nilikuwa nazitoa tezi hizo kwa sindano nyembamba na kuziminya chini ya kioo: vimelea huonekana kama vijisindano vilivyopinda. Lakini mbu wengi niliowapasua hawakuwa navyo, na hilo ndilo linaloeleza kazi ya chandarua.

Safari hiyo ndani ya mbu huchukua siku 10 hadi 14 kwenye joto la kawaida la nchi za tropiki, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Mbu ni kiumbe wa maisha mafupi. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaiona kesho. Baada ya siku 12 watabaki kama 28. Punguza kidogo, wawe 80 kati ya 100 kila siku, na baada ya siku hizohizo 12 watabaki 7 tu. Kwa maneno mengine, anayeambukiza ni mbu kizee, na ukiongeza vifo vya kila siku hata kidogo, vizee karibu wanakwisha.

Chandarua chenye dawa kinafanya hivyo hasa. Mbu huyu hutafuta damu kila baada ya siku 2 au 3, zaidi usiku, kwa hiyo kabla ya kuweza kuambukiza lazima amfikie mtu mara kadhaa. Kila mara anatua kwenye wavu, na dawa inamwingia kupitia miguu. Anayekufa kwako leo hatamfikia jirani wiki ijayo. Kwa hiyo mtaa ambao karibu kila mtu analala ndani ya chandarua humkinga hata asiye nacho. Narudia: karibu kila mtu!

Mipaka ipo, sitaificha. Wapo mbu waliozoea dawa za pairethroidi, zile zinazotumika sana kwenye vyandarua, ndiyo maana siku hizi hutengenezwa vyandarua vyenye dawa mbili. Wapo wanaong'ata jioni, kabla hujapanda kitandani. Mkono ukigusa wavu, mbu anakung'ata kupitia matundu yake. Kifue kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa. Kikichanika, shona.

Nawe uliyeniandikia, maliza dozi yako yote na uendelee kulala ndani, tena hasa sasa. Vile vimelea vya kiume na vya kike vinaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya homa kuisha, na mbu mchanga anayekung'ata leo anaweza kuvichukua kwako akavipeleka chumba cha pili.