Maombi matano ndani ya wiki tatu

"Nauza nguo Kongowea. Ndani ya wiki tatu nimeomba mkopo benki, kwa chama cha akiba na kwenye apu tatu. Sikupewa hata mmoja, mbona alama zangu CRB zimeshuka?"

Ndugu yangu, kilichokushusha si kunyimwa, ni kule kuulizwa-ulizwa. Kila ukikubali masharti ya ombi, mkopeshaji anaweza kuvuta ripoti yako kutoka CRB, ile ofisi inayotunza rekodi za mikopo, na ulizo hilo hubaki limeandikwa pamoja na tarehe. Moja si kitu kikubwa. Lakini wa tano akifungua, anakuta wanne wamemtangulia juzijuzi tu, na hakuna mkopo uliotoka. Anachosoma hapo ni mtu aliyebanwa, au anayetaka kubeba madeni kadhaa kwa mpigo kabla hayajaonekana kwenye ripoti. Hesabu ya alama nayo huipima hatari hiyo hiyo.

Simamisha maombi kwa miezi michache. Chukua ripoti yako. Moja kwa mwaka ni bure kisheria, na kujiangalia mwenyewe hakushushi alama. Ukikuta ulizo la mtu usiyemwomba, lipinge kwa maandishi. Ukirudi kuomba, uliza masharti kabla ya kutia sahihi, kisha omba pahali pamoja tu. Na kama una deni linalochelewa, lianze hilo: linakuumiza kuliko maulizo yote matano.