Kwa nini wateja wote wanakimbilia Basic, na nilivyozipanga upya pakeji zangu tatu

Juzi dada mmoja anayenisoma, anauza kazi kwenye Fiverr, lile soko la kazi la mtandaoni, kanitumia meseji kuhusu gigi yake, yaani tangazo la huduma yake: "Kaka, gigi yangu ina pakeji tatu ila kila oda inayoingia ni Basic, Premium haijaguswa tangu nifungue, nimekosea wapi?" Nikamwomba picha ya ukurasa wake. Nilivyoifungua roho iliniuma, maana makosa yangu mawili yote yalikuwa pale, na moja kati ya hayo bado sijalisahau mpaka leo.

Kazi yangu ni unukuzi, yaani mtu ananitumia sauti ya mahojiano au video naiandika kuwa maandishi. Nilipoanza Fiverr nilipanga hivi: Basic dakika 30 kwa dola 10, Standard dakika 60 kwa dola 20, Premium dakika 120 kwa dola 40, na kwenye marekebisho nikaweka Unlimited, yaani bila kikomo, kwenye zote tatu kwa sababu niliona wengine wameweka. Ukiangalia vizuri hizo sio pakeji tatu, ni kazi ile ile moja imekatwa vipande vitatu, mteja hana sababu yoyote ya kupanda juu isipokuwa ana sauti ndefu.

Na mwenye sauti ndefu alikuja. Akanunua Premium, nikafurahi sana, ndo oda yangu kubwa ya kwanza. Kufungua faili nakuta mahojiano ya kikundi, watu sita mezani, wanakatizana, kinasa sauti kiko mbali. Sauti safi ya mtu mmoja, dakika 1 inanichukua kama dakika 4 kuiandika, lakini ile ilinichukua dakika 8 kwa kila moja, maana unarudisha nyuma, unarudisha tena, hujui hata nani anaongea. Masaa 16. Nikawasilisha, mteja akajibu kwamba ni nzuri ila yeye anataka kila neno kama lilivyotamkwa, pamoja na "eee" na "aaa" na maneno yaliyorudiwa, wakati mimi nilikuwa nimeandika kwa kusafisha. Hakuwa amesema mwanzoni, na mimi sikuwa nimeandika popote kwamba naandika kwa mtindo gani. Marekebisho ni Unlimited. Nikakaa masaa mengine 9. Fiverr inabaki na asilimia 20, kwa hiyo kwenye dola 40 nilipata 32, gawanya kwa masaa 25, ni dola 1 na senti 28 kwa saa. Simlaumu yule mteja, alinunua nilichokitangaza, ila iliniuma na bado inaniuma.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usianze kupanga kwa Basic. Anza na Standard, na Standard itoke kwenye kazi ulizokwisha kufanya. Mimi nilirudi kwenye oda zangu za nyuma nikaona wengi wanataka kitu kile kile: mahojiano ya watu wawili, kama nusu saa, majina ya wazungumzaji yaonekane na alama za muda ziwepo. Hiyo ndo ikawa Standard yangu, dakika 30. Nikajipima saa ukutani, pamoja na kusikiliza tena mwisho ni masaa 3. Nataka dola 6 kwa saa mkononi, hivo ni 18, nagawa kwa 0.8 kwa ajili ya makato napata 22 na nusu, nikaweka 25. Bei inatoka kwenye masaa yako, usiinakili kwa jirani.

Basic nikaipata kwa kupunguza kwenye hiyo: dakika 15, maandishi tu, hakuna majina wala alama za muda, dola 10. Inamfaa mtu mwenye klipu fupi, sio chambo cha kumvuta mtu.

Premium nikaifikiria tofauti kabisa. Nikajiuliza, mteja akishapokea maandishi yangu anaenda kufanya nini? Wengi walikuwa na video, wakitoka kwangu wanatafuta mtu mwingine awapangie yale maandishi yatokee chini ya video. Basi Premium ikawa dakika zile zile 30 lakini wanapata na faili la SRT lililopangwa sawa na video, wanalipandisha tu moja kwa moja. Dola 45. Dakika hazijaongezeka hata moja, ila mteja amepunguziwa safari nzima, na hapo ndo anaona sababu ya kupanda.

Kosa la pili lilikuwa kwenye nyongeza, yaani vile vitu mteja anavyolipia juu ya pakeji, na hili ndo linalomtesa yule dada hasa. Baada ya kupanga pakeji vizuri niliweka nyongeza za bei ya huruma: dakika 10 zaidi kwa dola 2, majina na alama za muda kwa dola 2. Wateja wana akili bana. Wananunua Basic ya 10, wanaongeza dakika 10 mara mbili, wanaongeza alama, jumla dola 16 na wamepata dakika 35, zaidi ya Standard yangu ya dola 25! Nilikuwa nimejijengea mlango wa nyuma mwenyewe, alafu nashangaa kwa nini hakuna anayepita mbele. Siku hizi dakika 10 za ziada ni dola 8, majina na alama dola 5. Fanya hesabu ile ile tena inakuja dola 31, kwa hiyo mwenye nusu saa anaona mwenyewe kwamba Standard ndo nafuu, na mwenye klipu fupi anayetaka alama tu bado hajaumia. Kila ukiweka nyongeza kaa chini ujenge Standard kuanzia Basic, ikitoka chini ya bei ya Standard yenyewe basi nyongeza yako ina tatizo.

Alafu kuna ile ya haraka, Extra Fast Delivery. Hii inalipa lakini inaua. Mteja wa Standard anaweza kuchagua haraka ya siku moja pamoja na nyongeza sita za dakika 10 kwa wakati mmoja, ghafla una dakika 90 za kumaliza kesho. Kwenye kila nyongeza ya dakika mimi naweka siku 1 ya ziada ya kuwasilisha, sehemu ipo pale pale penye bei, watu wanairuka. Na haraka nimeiwasha kwa Basic na Standard tu, Premium sijaitia tiki kwa sababu kupanga SRT usiku nimechoka najua nitakosea.

Marekebisho sasa ni 1, na kwenye maelezo nimeandika wazi: neno nililosikia vibaya nalirekebisha bure muda wowote, lakini kubadili mtindo kutoka maandishi safi kwenda kila neno ni kazi mpya, dola 10 kwa dakika 30. Sauti ya kikundi au yenye kelele nayo ina nyongeza yake, na kabla ya oda naomba nisikilize dakika mbili mbili za mwanzo, katikati na mwisho, maana mwanzo watu huwa wanaongea kwa adabu, katikati ndo wanaanza kukatizana.

Yule dada anatafsiri, kwa hiyo yeye atahesabu maneno badala ya dakika. Nimemwambia asiguse bei kwanza, achukue oda zake 10 za mwisho aandike kila mteja aliomba nini cha ziada kwenye meseji. Jana usiku kanijibu, saba kati ya hao waliomba mtu wa pili apitie tafsiri, na huduma hiyo hajawahi kuiuza.