Ratiba ya wiki kwa dalali wa Malindi

"Nikizunguka na wateja, karatasi zinalala. Nipange vipi wiki yangu?"

Ndugu yangu, karatasi zitangulie. Jumatatu asubuhi omba uchunguzi wa hati ofisi ya ardhi, kisha Jumanne, ukingoja majibu, tafuta wenye nyumba wapya. Hati ikirudi na zuio au deni la benki, usimpeleke mteja kabla mwenye mali hajaeleza.

Alhamisi na Jumamosi onyesha nyumba kwa mtaa mmoja mmoja: Casuarina asubuhi, Mayungu alasiri. Jioni ileile wapigie wote, bado wanakumbuka walichokiona.

Shamba nalo lina saa yake. Ridhaa ya bodi ya ardhi huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Andika tarehe ya mwisho ya kuomba daftarini siku ya kusaini, na uikague kila Ijumaa.