Kampuni ya kufunga mfumo wa ghala: bei moja au malipo ya siku?

"Chama chetu cha korosho huku Newala kinataka mfumo wa stoo na hesabu. Kampuni moja imetoa bei moja kwa kazi yote, nyingine inalipisha kwa siku. Tuchukue ipi?"

Mkuu, gawanyeni mkataba. Kufunga mfumo na kufundisha makarani ni kazi inayopimika, hiyo ipewe bei moja. Mtego uko kwenye kuhamisha madaftari ya wakulima: majina yamejirudia, kilo za daftari hazilingani na za stakabadhi ya ghala. Mwenye bei moja akikuta hayo ataingiza makosa yalivyo, au ataleta ankara ya kazi ya ziada. Sehemu hiyo lipeni kwa siku, ila kwa ukomo: tuseme siku 20 kwa 300,000, isizidi milioni 6, na kila Ijumaa alete orodha ya wakulima waliohakikiwa.

Kabla ya kusaini, mpeni daftari la kijiji kimoja alihamishe. Utaratibu wake mtauona hapo, siyo kwenye slaidi.

Kuhusu wateja wake wa zamani, ombeni aliyemaliza msimu mzima, tangu mnada wa kwanza hadi malipo ya mwisho. Mpigieni mhasibu au mtunza ghala, si mwenyekiti (mwenyekiti husifia alichonunua). Muulizeni: makato yalipokosewa, yalirekebishwa baada ya siku ngapi, na nani alilipia?

Na msikubali mfumo uanze Oktoba, magunia yakishaanza kumiminika ghalani.