Utafute vigawo au ujaribishe majibu?

Mwalimu, majibu manne yako hapo kwenye karatasi. Kwa nini nihangaike na vigawo badala ya kuyapachika tu moja baada ya jingine?

Kupachika kunaruhusiwa, na kuna maswali nitakushauri ufanye hivyo. Ila tazama hili: x² − 5x − 24 = 0, na machaguo ni A: 8 na 3; B: −8 na 3; C: 8 na −3; D: −8 na −3. Unaanza na 8, unapata 64 − 40 − 24 = 0, unafurahi na kuweka tiki kwenye A. Umekosa. 8 imo pia ndani ya C, na mtunzi hakuiweka mara mbili kwa bahati mbaya. Chaguo huwa sahihi pale namba zake zote mbili zinapoleta sifuri.

Kwa vigawo, unatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −24 na jumla yake −5. Ni −8 na 3. Hivyo (x − 8)(x + 3) = 0, na x ni 8 au −3: jibu ni C. Kama mbele ya x² hamna namba, mimi huanza na vigawo, maana mstari mmoja unatosha. Lakini usiishie kwenye −8 na 3. Hizo ni namba za ndani ya mabano, bado hazijawa majawabu, na chaguo B limewekwa kumsubiri anayesimama hapo.

Nilijaribisha −3 kwenye swali la aina hiyo nikapata −18, nikaitupa. Kumbe ilikuwa sahihi! Nilikosea wapi?

Uliandika −3² badala ya (−3)². Hasi ikizidishwa kwa hasi ni chanya, kwa hiyo ni 9 + 15 − 24 = 0. Wewe ulifanya −9 + 15 − 24. Kila unapopachika namba hasi, ifungie kwenye mabano kabla ya kufanya hesabu yoyote.

Nami nikikutana na 6x² − x − 12 = 0 na majibu yote ni sehemu, nifanyeje? Kupachika sehemu kunanimalizia muda.

Hapa usipachike hata moja. Tuseme machaguo ni A: 3/2 na −4/3, B: −3/2 na 4/3, C: 3 na −2/3, D: 2/3 na −3/4. Katika ax² + bx + c = 0, zao la majawabu ni c/a na jumla yake ni −b/a. Kwetu zao ni −12/6, yaani −2, na jumla ni 1/6.

Anza na zao, kwa kuwa kuzidisha sehemu ni rahisi kuliko kuzijumlisha. D inatoa −1/2, inaondoka. A, B na C zote zinatoa −2. Sasa jumla: C ni 7/3, B ni −1/6, A ni 1/6. Jibu ni A. Huku nako ni kujaribisha majibu, ila unajaribisha namba zote mbili kwa pamoja, na 6x² hujaigusa.

Kwa vigawo ungetafuta zao la 6 × (−12), yaani −72, na jumla −1: ni −9 na 8. Kisha 6x² − 9x + 8x − 12 = 3x(2x − 3) + 4(2x − 3) = (2x − 3)(3x + 4). Jibu ni lilelile. Njia hii ijue vizuri, kwa sababu swali likitaka uchague vigawo vyenyewe, au chaguo la mwisho likiwa "hakuna jibu sahihi", utataka kujitegemea.

Swali lilikuwa x² = 7x. Niligawanya kwa x pande zote nikapata 7, na "7 tu" ilikuwemo. Mbona nimekoseshwa?

Ulipogawanya kwa x uliitupa sifuri, nayo ni jawabu. Hamishia kila kitu upande mmoja: x² − 7x = 0, halafu x(x − 7) = 0, hivyo x ni 0 au 7. Kujaribisha 7 peke yake kusingekuokoa, kwa kuwa inakubali kwenye "7 tu" na kwenye "0 na 7" vilevile. Ukiona mlinganyo hauna namba inayosimama peke yake, pachika 0 kwanza.

Nitajuaje mapema kwamba vigawo havitapatikana, nisije nikavitafuta bure?

Kokotoa b² − 4ac. Ikiwa kipeo cha pili cha namba kamili, kama 121 ya swali la kwanza, vigawo vya namba kamili vipo. Kwa x² − 4x − 3 = 0 unapata 16 + 12 = 28, na 28 si kipeo cha pili, kwa hiyo acha kutafuta. Tazama machaguo yenye kipeuo: 2 + √7 na 2 − √7 yana jumla 4 na zao 4 − 7, yaani −3. Yanakubali yote mawili, weka tiki.