Maiki imechungulia juu ya fremu: iazimie kiraka kwa fremu za jirani

Maiki ikichungulia juu ya fremu, wengi hukimbilia kukuza picha mpaka maiki itoke nje. Kama umepiga kwa 4K na unatoa 1080, fanya hivyo na uendelee na kazi nyingine. Lakini picha ikiwa imebana tayari, utaishia kukata kichwa cha mwigizaji. Hapo mimi huweka kiraka.

Tuseme watu wawili wanazungumza mezani, kamera imetulia kwenye stendi, fremu 25 kwa sekunde. Maiki inashuka kona ya juu kulia kwa sekunde mbili, na nyuma yake ni ukuta. Sekunde chache kabla, ukuta huohuo uko wazi. Nakili kipande hicho cha kabla, kiweke kwenye traki ya juu yake, kisha chora maski inayozunguka maiki tu na ulainishe ukingo wake. Maski ivuke mpaka wa juu wa picha. Ikiishia pale pale mpakani, ule ulaini utaacha mstari hafifu wa maiki, na utauona siku picha ikiwekwa kwenye skrini kubwa.

Usigandishe fremu moja, hata kama inaonekana safi. Picha ya video ina chembechembe zinazocheza muda wote, hasa gizani. Zikisimama mahali pamoja, ukuta unaonekana umekufa. Tumia kipande kinachotembea, chenye urefu sawa na tatizo. Ukipata sekunde moja tu iliyo safi, icheze mbele kisha kinyume.

Kabla ya kuchora maski, badilisha kwa muda namna kiraka kinavyochanganyika na picha ya chini yake iwe `Difference`. Panapolingana patakuwa peusi. Kingo za dirisha au fremu ya mlango zikijitokeza kama mistari, kamera ilisogea kidogo, kwa hiyo sogeza kiraka pikseli mojamoja mpaka zififie. Eneo lote likiwa kijivu, mwanga ndio umebadilika. Rekebisha mwangaza wa kiraka peke yake. Ndiyo maana nachukua fremu za karibu, si za mwisho wa teki, jua likiwa limeshahama.

Tazama na kivuli. Mara nyingi kivuli cha maiki hutangulia kuingia ukutani kabla ya maiki yenyewe, na ukinakili sehemu hiyo unaondoa maiki na kubandika kivuli.

Mwigizaji akisimama na kichwa kikapita ndani ya maski, kitamezwa na ukuta. Punguza maski fremu kwa fremu ifuate mstari wa nywele, kazi ya kuchosha lakini inawezekana. Kamera ya mkononi ni habari nyingine: kiraka lazima kifuatilie mwendo wake, na mpigapicha akitembea, taa iliyo karibu na ukuta ulio mbali havisogei kwa kasi moja. Hapo mimi huacha kuhangaika na kiraka, nakata kwenda kwa anayesikiliza kwa zile sekunde mbili.