Gadi ya usiku: watu watatu, akina mama 22

Yaya, usiku tunabaki watatu tu: mimi mkuu wa gadi na wakunga wawili. Kwenye vitanda kuna akina mama 22. Nianze na nini? (Mkunga, Kadutu)

Usianze na toroli la dawa. Najua linakuita, kwa sababu ukigawa dawa unaona kazi inasonga. Dakika 20 za kwanza tembea kitanda kwa kitanda pamoja na yule anayekukabidhi gadi, na mbele ya kila mama jiulize: hali yake ikigeuka, itageuka kwa haraka gani?

Nakuletea gadi moja niliyoiongoza hapa Bukavu, yenye hesabu kama yako. Baada ya kuzunguka tulikuta watano ambao hawawezi kusubiri. Wawili walikuwa na uchungu. Mmoja alijifungua dakika 40 zilizopita. Mmoja alitoka kwenye upasuaji masaa 3 kabla, na mmoja alikuwa kwenye sulfati ya manyezi kwa sababu ya presha ya mimba. Waliobaki 17 waliweza kungoja, wengine masaa mawili, wengine hadi asubuhi.

Jambo la kwanza tulisukuma vitanda. Wale watatu wasiokuwa kwenye chumba cha kuzalia tuliwaleta karibu na meza yetu, penye taa. Kisha tukagawana kazi kwa uzito wa wagonjwa. Ukigawa kwa vyumba, wewe hiki na yule kile, mkunga mmoja anaweza kuangukiwa na wagonjwa wote wabaya bila mtu kujua. Mkunga wa kwanza alibaki kwenye chumba cha kuzalia, anasikiliza moyo wa mtoto kila dakika 30, na mama akianza kusukuma hatoki tena. Wa pili alipewa wale watatu peke yao. Mimi nilichukua 17.

Mkunga kuwa na wagonjwa watatu huku mkuu ana 17, kwa macho si haki. Lakini mama aliyetoka kujifungua anatakiwa kuangaliwa kila dakika 15 kwa masaa 2 ya kwanza: mapigo ya moyo, kizazi, kitambaa cha damu. Kwenye raundi ya tatu mkunga alishika tumbo lake akakuta kizazi kimelegea, na kitambaa alichokibadilisha robo saa kabla kimejaa. Alianza kusugua kizazi, akaniita, tukatoa mkojo, tukaweka oksitosini na asidi traneksamiki, daktari wa gadi akaja. Damu ilisimama. Kama mkunga yule angekuwa na vitanda 11, angemfikia baada ya saa moja nzima.

Yule wa sulfati alikuwa na ratiba yake: kila saa kuhesabu pumzi, kugonga goti, kuangalia mkojo kwenye mfuko wa sonda. Manyezi inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dawa inajikusanya. Goti linaacha kuruka kwanza, pumzi inafuata. Pumzi zikiwa chini ya 16 kwa dakika, goti likikataa, au mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, dozi inayofuata haitolewi na daktari anaitwa. Glukonati ya kalsiamu gramu 1 ilale pale pale kitandani, isifungiwe kwenye kabati lenye ufunguo mmoja.

Kazi zote haziishi. Nikiacha kitu naonekana mzembe. Niache nini? (Mkuu wa gadi, Bagira)

Kitu kitaachwa, upende usipende. Usipochagua wewe, kila mkunga atachagua kimya kimya, tena ataacha kile kisichoonekana, yaani kuhesabu pumzi na kusikiliza moyo wa mtoto, kwa sababu shuka chafu daktari ataiona asubuhi.

Mimi naacha kubadilisha mashuka yasiyo na damu, kunakili rejista mara mbili, kuandaa karatasi za wanaotoka kesho, na joto la kila masaa 4 kwa mama mzima wa siku ya tatu. Siachi partogramu, kunawa mikono, wala kuhesabu kwa watu wawili dozi ya sulfati na ya oksitosini. Natangaza hayo mwanzoni mwa gadi, wote wasikie kwamba uamuzi ni wangu. Kisha naandika kwenye kaye ya gadi, kwa mfano: «Saa 8 usiku, vitanda 12 hadi 22 havikupimwa joto. Sababu: mama mmoja anatoka damu, wakunga wawili wako naye.» Kurasa kama hizo za mwezi mzima ukizipeleka kwa mkurugenzi, zinamwonyesha usiku gani umekosa mtu na nini kiliachwa. Malalamiko ya mdomo hayafanyi hivyo.

Walinzi wa wagonjwa watakusaidia, ila kwa mipaka. Kulisha, kugeuza, kuita, ndiyo. Dawa na seramu, hapana. Huwa nashika mkono wa bibi, nauweka juu ya tumbo la binti yake chini kidogo ya kitovu, nasema: «Mama, unasikia ugumu huu, kama chungwa bichi? Likilegea, au kitambaa kikilowa kabla ya dakika 5, usiogope kuniamsha, piga kelele.» Bibi analinda vizuri sana. Hata hivyo raundi ya mkunga inabaki pale pale.

Saa 9 usiku mkunga wangu analala akisimama. Nimruhusu alale? (Goma)

Ndiyo, na umpangie kabla hajafika huko. Dakika 20 hadi 30 kwa zamu, kati ya saa 7 na saa 10 usiku, wewe pia. Aliyeamka asihesabu dawa yoyote kwa robo saa, akili bado iko kitandani. Mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya 0.05 kwa mia katika damu, na mkunga aliyeamka alfajiri kuchota maji na kupeleka watoto shule amepita hapo kabla hata nusu ya gadi haijafika. Ndiyo maana gadi ya masaa 24 mfululizo mimi naikataa, hata watu wakiitaka kwa ajili ya primu. Primu ndogo naielewa, lakini dozi ya usiku wa manane haimjui aliyechoka.

Tulimpoteza mama. Mkunga aliyekuwa naye anafanya kazi kama mashine, haongei. Nimwite mbele ya wote aeleze? (Ibanda)

Hapana, tafadhali. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu usiku ule ule hakumponyi, na mbele ya wenzake kunageuka kesi. Mtoe kwenye wagonjwa wazito kwa dakika 15, mpe chai na mtu mmoja anayempenda akae naye, hata bila maneno. Wewe shika vitanda vyake. Kabla hajaondoka mwambie ukweli unaoujua, kwa mfano: «Damu ulimwekea kwa wakati, niliona.» Usimwambie usilolijua.

Yaliyokwenda vibaya yachunguzwe siku nyingine kwa karatasi: saa ngapi aliita, saa ngapi damu ilifika. Baada ya siku mbili tatu mpigie simu, muulize analala? Anakula? Usingizi ukikataa wiki mbili, au akianza kukwepa chumba kile, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa hospitali, uende naye mpaka mlangoni. Na gadi yake ya kwanza ya kurudi, mpange pamoja na mkunga mwenye uzoefu, chumba cha waliojifungua, asirudi moja kwa moja kwenye chumba cha kuzalia.